Maiki ya Kubana Nguoni: Kuingia Tunduni si Kusikika

Leo tutaeleza habari za maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ile ambayo hufungwa kifuani mwa msemaji na waya wake ukachomekwa katika simu inayopiga picha za video. Katika maduka ya simu huuzwa za namna nyingi, na muuzaji hukuambia kwamba yake inaingia simu zote. Pengine asema kweli. Lakini kuingia ni jambo moja, na simu kuisikia ni jambo jingine; na ubaya wake ni kwamba simu isipoisikia haikuambii neno. Huendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe iliyo ndani, nawe huku umesimama ukidhani kazi inakwenda vizuri.

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama wakaushao dagaa hapa Kibirizi. Wanataka kutengeneza video ya dakika kumi, mama mmoja mzoefu aeleze jinsi ya kuanika dagaa juu ya vichanja badala ya kuwatandaza mchangani, kisha video ipelekwe kwa wenzao wa Mwamgongo na Kagunga. Mama huyo ana asubuhi moja tu. Dagaa wameshushwa alfajiri, jua likipanda watakuwa wamekwisha kauka nusu, na mchana anapanda boti kwenda kwa bintiye. Sauti ikipotea, hakuna kurudia.

Kwanza tuone kwa nini simu yenyewe haitoshi. Mpiga picha husimama kama mita 2 kutoka kwa msemaji ili kichanja kionekane. Nyuma yao boti za abiria zinawasha injini, wachukuzi wanaitana, na upepo unatoka ziwani. Ukimbana mama maiki kifuani, sentimita 20 chini ya kidevu, umeisogeza mara kumi karibu na kinywa chake. Sauti yake hufika hapo ikiwa na nguvu kama mara kumi ya ile inayofika simuni. Injini iliyo mbali haikuongezeka hata kidogo, maana umbali wake kutoka kwa maiki na kutoka kwa simu ni karibu sawa. Hiyo ndiyo faida yote ya chombo hiki. Hakichuji kelele, nyingi kati ya maiki hizi husikia pande zote sawasawa. Husaidia kwa ukaribu tu, na ukiibana tumboni umeitupa faida hiyo.

Sasa tuje kwenye pini, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Itazame pini ya mviringo ya maiki, ile ya unene wa milimita 3.5. Utaona chuma kimegawanywa kwa pete ndogo, mara nyingi nyeusi. Zihesabu. Ikiwa pete ni mbili, chuma kina vipande vitatu, na juu ya boksi huandikwa TRS. Pini hiyo ni ya kamera. Ikiwa pete ni tatu, vipande ni vinne, na boksini huandikwa TRRS. Hiyo ndiyo ya simu. Kwa macho ya mbali zote mbili ni moja, nazo huingia katika tundu lile lile bila shida.

Kwa nini basi ile ya pete mbili haifai? Tundu la simu lina migusano minne. Ukianzia nchani mwa pini, kipande cha kwanza hupeleka sauti sikio la kushoto, cha pili sikio la kulia, cha tatu ni njia ya kurudia umeme, ambayo mafundi huiita ardhi, na cha nne, kilicho karibu na mpini, ndicho cha maiki. Huo ndio mpangilio wa simu za leo. Simu chache za zamani zilikuwa zimebadilishana cha tatu na cha nne. Simu hupeleka umeme kidogo katika kile kipande cha nne, ikapima kama kuna maiki. Pini ya kamera haina cha nne: chuma chake cha mwisho ni kirefu, kinagusa mahali pa tatu na pa nne kwa pamoja. Umeme ule huingia ardhini moja kwa moja. Simu huamua kwamba umechomeka spika za masikioni zisizo na maiki, hivyo hurudi kwenye maiki yake ya ndani.

Dawa yake si kutupa maiki. Kuna adapta fupi, upande mmoja una tundu la pete mbili na upande wa pili pini ya pete tatu. Nyingine ina matundu mawili, moja limechorwa maiki na jingine spika za masikioni. Tazama mchoro kabla ya kuchomeka.

Maiki nyingine zimetengenezwa kutumika pande zote mbili. Ile iitwayo BOYA BY-M1, kwa mfano, ina waya wa mita 6, pini ya pete tatu, na kijisanduku chenye swichi. Kwa simu, swichi hukaa upande ulioandikwa `OFF/Smartphone`. Kwa kamera husogezwa upande wa pili na betri ndogo ya LR44 hufanya kazi. Watu wengi hudhani kwamba neno OFF maana yake maiki imezimwa, kwa hiyo huisogeza, na betri huisha bure. Kwenye simu iache hapo hapo. Simu yenyewe huipa umeme.

Lakini simu yako huenda haina tundu la mviringo. Apple waliliondoa katika aifoni 7 mwaka 2016, na kampuni nyingi zikafuata. Aifoni za baadaye mpaka namba 14 zina tundu la Lightning. Kuanzia namba 15, mwaka 2023, zina tundu la USB-C kama simu nyingi nyingine. Hapo utahitaji ama maiki yenye pini ya tundu hilo, ama adapta.

Kwa upande wa USB-C jihadhari, kwa maana adapta zinazofanana kabisa ni za aina mbili. Moja ina waya mtupu ndani. Hufanya kazi kwa zile simu chache zinazotoa sauti yenyewe kupitia tundu la chaji. Ya pili ina kijidude ndani cha kugeuza sauti kuwa tarakimu na tarakimu kuwa sauti, nayo hukubaliwa na simu nyingi zaidi. Tena ziko zinazopitisha sauti ya kusikiliza tu, maiki hazipitishi. Kwa macho hutazijua. Nenda dukani na simu yako mwenyewe, uijaribu kabla ya kulipa. Kama umepata nafasi ya kuchagua, mimi naona afadhali maiki yenye pini ya USB-C yake yenyewe, kwa sababu kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kulegea. Na kama simu haitambui kitu chochote unachochomeka, tafuta katika mipangilio neno `OTG`. Simu nyingine hulifunga mpaka ulifungue mwenyewe.

Ziko pia zisizo na waya, ambazo kipande kimoja huchomekwa simuni na kingine hubanwa nguoni. Hizo zafaa kama msemaji anatembea kutoka botini mpaka kichanjani. Mama yetu amesimama mahali pamoja, kwa hiyo waya wa mita 6 unamtosha, wala hakuna chaji ya kuisha katikati ya maneno.

Tuseme basi katibu wa kikundi amekwenda dukani Kigoma mjini. Kijana muuzaji amwambia, "Shikamoo mama, hii inaingia simu zote." Naye ajibu, "Marahaba mwanangu. Kuingia nimeona, sasa tuone kama inasikia."

Aitoa simu katika kava, kwa maana kava nene huizuia pini isifike mwisho. Aichomeka mpaka asikie imekaa. Afungua kamera, aanza kurekodi video, ahesabu moja mpaka tano karibu na maiki. Kisha, video ikiendelea, akwaruza kichwa cha maiki kwa ukucha, taratibu, mara tatu. Halafu akwaruza sehemu ya chini ya simu, karibu na tundu la chaji, mara tatu. Asimamisha, achomoa pini, ndipo asikiliza. Asipochomoa huenda asisikie chochote, kwa sababu simu inapeleka sauti kwenye pini ikidhani kuna spika za masikioni.

Mkwaruzo wa maiki ukiwa mkubwa na wa simu ukiwa hafifu, kazi ni njema. Mambo yakiwa kinyume, simu imetumia maiki yake. Lakini asiilaumu pini bado. Arudie jaribio lile lile kwa programu ya kurekodi sauti tupu. Ikiwa huko maiki inasikika, pini ni nzuri, ila programu ya kamera ndiyo isiyoijali maiki ya nje. Kwa simu za Android kuna programu ya bure iitwayo Open Camera. Katika mipangilio yake ya video mna mahali paitwapo `Audio source`, achague `External mic`, kisha ajaribu tena. Ikiwa hata katika kurekodi sauti haisikiki, basi atazame pete, swichi na adapta, kwa utaratibu huo.

Jaribio hili huchukua dakika mbili. Lifanyeni dukani, tena lirudieni mwaloni asubuhi ile ile kabla mama hajaanza.

Yamebaki mambo ya mwaloni. Kisponji cheusi kinachokuja na maiki huzuia pumzi ya msemaji, lakini upepo wa ziwani ukivuma sawasawa kinashindwa, na utasikia mngurumo mzito unaofunika maneno. Kifuniko cha manyoya hufanya kazi zaidi. Kama hamna, mgeuzeni mama aupe upepo mgongo, mwili wake uwe ukuta. Maiki isifunikwe na kanga wala ushungi. Nguo ikiisugua hutoa sauti ya kuchakacha ambayo hakuna awezaye kuiondoa baadaye. Banani kwenye ukingo wa blauzi, kisha waya upigwe kitanzi kidogo na kubanwa pamoja, ili ukivutwa usitikise kichwa cha maiki. Simu iwekwe katika hali ya ndege, kwani simu ikipigwa huenda kurekodi kukakatika.

Na mama akikwisha kusema, asifunguliwe maiki mara moja. Chomoeni pini, sikilizeni mwanzo, katikati na mwisho wa video. Boti yake ingali ikipakia mizigo, na kama sehemu moja imeharibika, muda wa kuisema tena upo.