Mshika Maiki Aliyeandikwa Mpishi

Kijana aliyekuja kwangu alikuwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa fomu ya kuomba kazi, inayomtaka aonyeshe filamu alizowahi kufanyia kazi. Ya pili ilikuwa orodha ya washiriki wa filamu moja ya Kiswahili, iliyochapwa na mtu aliyenakili yale majina yanayopanda kwenye skrini filamu inapokwisha. "Kaka," akaniambia, "miezi miwili nilishika maiki kwenye filamu hii, mikono juu mpaka mabega yakafa ganzi. Humu wameniandika mpishi."

Jina lake halikukosewa hata herufi. Kilichokosewa ni kazi iliyowekwa ubavuni mwa jina. Nilipoifungua filamu yenyewe nikaona mara moja kosa lilikotoka, na kosa hilo huwapata karibu wote wanaojaribu kuyatoa majina hayo kwenye filamu na kuyaweka kwenye jedwali.

Tazama jinsi majina hayo yanavyopangwa. Kazi huandikwa upande wa kushoto wa skrini na jina upande wa kulia, katikati kukiachwa uwazi mwembamba unaoshuka wima kama uchochoro baina ya nyumba. Kazi ikiwa na watu wawili, huandikwa mara moja tu, na mtu wa pili huwekwa chini ya mwenzake, kushoto kwake pakibaki patupu. Katika filamu ile mpangilio ulikuwa hivi, ila majina haya ni ya mfano:

```
  Fundi Sauti    Rashidi
  Mshika Maiki   Amina
                 Juma
       Mpishi    Zuhura
```

Juma ni mshika maiki, kwa sababu pale kushoto kwake patupu panaendeleza kazi ya mstari wa juu. Programu ya kusoma maandishi kwenye picha isipoelekezwa, huweza kuona safu mbili na kuzisoma kama inavyosoma gazeti: inaimaliza ya kushoto yote, kisha inaanza ya kulia. Hapo unapata kazi tatu na majina manne. Ukizipanga upya moja kwa moja, Fundi Sauti anakwenda kwa Rashidi, Mshika Maiki kwa Amina, Mpishi kwa Juma, na Zuhura aliyewapikia watu wote anabaki bila kazi. Tena kosa haliishii hapo. Kila aliye chini yao anasogea hatua moja, mpaka mwisho wa ukurasa.

Kwa hiyo jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: kinachounganisha kazi na jina ni mahali vilipo kwenye skrini. Ukibeba maneno ukaacha mahali pake, umebeba nusu ya habari.

Kazi huanza kwa kupima mwendo. Nilisimamisha filamu maandishi yakiwa yanapanda, nikapiga picha ya skrini, nikasogeza fremu mia moja mbele, nikapiga nyingine. Kitako cha herufi moja kilikuwa kimepanda pikseli 300, yaani pikseli tatu kwa kila fremu. Filamu ilikuwa ya fremu 25 kwa sekunde na kimo cha picha ni pikseli 1080, basi kila mstari huchukua sekunde 14 na nukta kidogo kutoka ukingo wa chini hadi wa juu. Maandishi yote yalipita kwa sekunde 168.

Wengi hapa hupiga picha ya skrini kila wanapoona majina mapya, kisha wanahangaika kufuta mistari iliyojirudia. Ukishaujua mwendo, huna haja ya kuhangaika. Fremu 300 ni sawa na pikseli 900 kamili. Ukichukua picha moja kila baada ya fremu 300, na katika kila picha ukakata kipande kilekile cha kimo cha pikseli 900, vipande hivyo vikipangwa kimoja chini ya kingine vitaungana bila pengo wala marudio. Hata herufi iliyokatwa katikati hurudi kuwa nzima. Nilitumia programu mbili za bure:

```
ffmpeg -ss 01:31:40 -t 168 -i filamu.mp4 -vf "select='not(mod(n,300))'" -fps_mode vfr p%02d.png
magick p*.png -crop 1920x900+0+90 +repage -append -negate ukanda.png
```

Amri ya kwanza ilinipa picha 14. Ya pili ikakata vipande, ikavishona, na kugeuza rangi ili maandishi meupe kwenye giza yawe meusi kwenye weupe, kwa kuwa programu za kusoma huona vizuri zaidi hivyo. Nikabaki na ukanda mmoja mrefu, pikseli 12,600 kwenda chini, wenye orodha nzima kama hati ya kale iliyokunjuliwa.

Kabla ya kwenda mbele, kagua mishono. Herufi ikionekana na miguu miwili, au mstari ukiwa umebanwa kimo, mwendo uliopima si sahihi. Mara nyingi chanzo ni faili lililobadilishwa idadi ya fremu, kwa mfano kutoka 25 kwenda 30 kwa sekunde. Katika faili kama hilo kila fremu ya sita huwa ni marudio ya iliyotangulia, na fremu 300 zinasogeza maandishi pikseli 750 tu badala ya 900. Pima tena kwa fremu nyingi zaidi, ukate vipande kwa kipimo kipya. Na kama nakala uliyonayo imebanwa mno hata herufi zimekuwa ukungu, tafuta nakala nyingine, maana hakuna programu itakayorudisha herufi ambayo haimo.

Ndipo nikausomesha ule ukanda:

```
tesseract ukanda.png majina -l eng+swa --psm 6 tsv
```

Sehemu ya `--psm 6` huiambia programu ichukue ukurasa wote kuwa kitalu kimoja, isome mstari kwa mstari kuvuka uchochoro, isigawe safu. Neno `tsv` ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Badala ya maandishi matupu, unapewa kila neno pamoja na vipimo vya mahali lilipo, na kiwango cha uhakika wa programu, kutoka 0 hadi 100.

Uchochoro katika filamu ile ulikuwa kati ya pikseli 930 na 990 kutoka kushoto. Neno lililoishia kabla ya 930 nililiweka kwenye safu ya kazi. Lililoanzia baada ya 990, kwenye safu ya jina. Kichwa cha idara huandikwa katikati, hivyo huukanyaga uchochoro. Cha maneno matatu, kama KIKOSI CHA SAUTI, hujitambulisha chenyewe, kwani neno la kati linaangukia palepale. Cha maneno mawili, kama MAFUNDI TAA, kinaweza kukuhadaa, ukadhani Mafundi ni kazi na Taa ni mtu. Pima nafasi baina ya maneno hayo: ya kichwa ni nafasi ya kawaida, kama pikseli 15, na ya uchochoro ni 60.

Palipo patupu kushoto, jina hurithi kazi ya mstari wa juu. Lakini urithi una masharti. Mistari ilikuwa inaachana kwa pikseli 60. Palipo na nafasi ya 120 kundi limekwisha, na jina linalofuata lisirithi kitu. Vilevile mstari ulio chini ya jina si lazima uwe mtu mwingine, unaweza kuwa jina la kampuni yake. Hapa hakuna kanuni itakayokutosha. Inabidi usome kwa macho.

Nikafikia jambo ambalo huwaponyoka hata walio makini. Katika jedwali langu neno Dereva lilijitokeza mara mbili. La kwanza lilikuwa juu, kwenye kundi la waigizaji, ambako kushoto huandikwa mhusika na kulia mwigizaji. Huyo aliigiza dereva. La pili lilikuwa chini kabisa, kwenye idara ya usafiri, na huyo ndiye aliyeamka alfajiri kuwachukua wenzake. Hali ni hiyohiyo kwa Muuza Samaki na Polisi wa Kwanza. Jedwali la safu mbili haliwezi kuwatenganisha. Weka safu ya tatu, ya kichwa cha idara, na ukijaze kwenye kila mstari.

Majina yenyewe yanahitaji mkono mpole. Programu ilisoma Amina kuwa Arnina, kwa kuwa r na n zikikaribiana hufanana na m. Katika Ali, ile l ndogo ilisomwa kuwa I kubwa, na kwa macho huwezi kuona tofauti mpaka ujaribu kulitafuta jina hilo lisipatikane. Ng'ang'a ilipoteza alama zake zote mbili. Nilipitia kila neno lenye uhakika chini ya 80, kisha nikayapitia majina yote kwa kuyalinganisha na ukanda, kwa sababu Arnina alikuwa amepewa uhakika wa 91.

Usisanifishe majina. Mmoja aliandikwa Khamis sehemu moja na Hamisi sehemu nyingine, ubini uleule. Pengine ni mtu mmoja, pengine ni ndugu. Nimeyaacha yote mawili kama yalivyo kwenye filamu, na pembeni nikaandika kwamba pana shaka. Kwa sababu hiyohiyo usifute jina kwa kuwa tu limejirudia, maana kwenye filamu zetu ni kawaida mtu mmoja kuhariri picha, kuandika hadithi na kuendesha gari.

Mwisho nilihesabu. Kwenye ukanda, kwa kidole, watu walikuwa 143. Kwenye jedwali mistari ilikuwa 145. Miwili ya ziada ilikuwa majina ya kampuni yaliyorithi kazi yasiyostahili. Nikayaondoa, hesabu zikakaa sawa. Kazi yote ilichukua saa tatu, na zaidi ya mbili kati ya hizo zilikwenda kwenye kusoma kwa macho.

Kijana wetu yuko mstari wa 89: Kikosi cha Sauti, Mshika Maiki. Nimemchapia ukurasa huo pamoja na kile kipande cha ukanda chenye jina lake, ili anayetilia shaka jedwali aione filamu yenyewe.

Nanyi watayarishaji, kabla majina hayajawekwa kwenye filamu, kuna mtu huwa ameyachapa kwenye faili la kawaida, kazi huku na jina kule. Faili hilo halizidi kilobaiti chache. Tafadhali msilifute, lihifadhini pamoja na filamu, na mkitoa nakala ya filamu, toeni na hilo.