Daftari Moja kwa Watu Watatu: Mzigo wa Lukozi hadi Ilala

Wasomaji wetu watauliza, wana nini wenye karafuu na mboga za Lushoto? Jibu letu ni jepesi. Karafuu iliyokauka vizuri yaweza kukaa ghalani miezi na isidhurike, na kwa hiyo daftari baya la karafuu huweza kuficha aibu yake msimu mzima. Kabichi haingojei. Nyanya ndiyo kabisa. Penye mali ya kuoza, kosa la daftari hujulikana baada ya siku mbili tatu, na ndipo mtu aweza kujifunza daftari jema lina sura gani. Basi tumechukua mfano wa milima ya Usambara, nasi twautunga hapa kwa makusudi ili tupate kuufuata hatua kwa hatua.

Tuseme wako watu watatu walioungana kwa kazi. Wa kwanza yuko Lukozi, wilaya ya Lushoto, ananunua karoti na kabichi kwa wakulima na kupakia. Wa pili yuko Mombo, chini ya mlima, kiasi cha kilomita 33 kutoka Lushoto mjini kwa barabara ile ya kona nyingi ipitayo Soni. Yeye hupokea gari dogo lishukalo na kuuhamishia mzigo katika gari kubwa la barabara kuu. Wa tatu yuko soko la Ilala, Dar es Salaam, anauza na kutuma fedha. Watatu hawa hawaonani. Kila mmoja ana daftari lake la karatasi na simu yake, na kutwa ni kupigiana: "Umepata ule wa jana?" "Upi, wa karoti au wa kabichi?" Na mkulima wa Lukozi amekaa mlangoni anangoja haki yake.

Dawa yao ni daftari moja la kompyuta, linaloitwa lahajedwali, ambalo wote watatu walifungua kila mmoja kwa simu yake na kuona mambo yale yale. Sisi twaeleza hapa Google Sheets, kwa kuwa hailipiwi na hufunguka kwenye simu za kawaida. Lakini kulitengeneza mara ya kwanza, afadhali mtu aende penye kompyuta, maana baadhi ya mambo tutakayoyataja hayapatikani katika simu.

Jambo la kwanza ni kukubaliana mstari mmoja ni kitu gani. Wengi huandika mstari kwa siku, au mstari kwa mkulima, kisha wakachanganyikiwa. Hapa mstari mmoja ni mzigo mmoja wa mkulima mmoja, wenye namba yake, na namba hiyo huandikwa kwa wino juu ya magunia. Mtu wa Mombo akisoma 14 juu ya gunia, anakwenda mstari wa mzigo 14, basi.

Sasa safu. Watu wengi hutia safu moja iitwayo "Hali," kila mtu akaandika humo apendavyo: "bado," "njiani," "tayari," "ok." Tayari nini? Na ikiwa watatu wote huandika katika kisanduku kimoja, wa Lukozi akiwa mahali pasipo mtandao, maneno yake yatakuja kufika baadaye na kuyafuta ya mwenzake aliyeko Ilala. Kwa hivyo sisi twaona yafaa kuiacha kabisa safu ya namna hiyo, na mahali pake kuweka tarehe. Kila hatua ina safu yake ya tarehe, na kila safu ina mwandishi mmoja tu.

Safu A ni Namba, B ni Bidhaa, C ni Idadi, D ni Kipimo. Safu E ni siku mzigo ulipopakiwa, nayo huandikwa na Lukozi peke yake. F ni siku uliposhuka Mombo, huandikwa na Mombo. G ni siku ulipopokewa Ilala, na H ni siku fedha zilipotumwa. Zote mbili ni za Ilala. I ni siku mkulima alipolipwa mkononi, nayo hurudi kuwa ya Lukozi. J tutaieleza sasa hivi. K ni Ahadi, yaani siku ambayo mkulima aliambiwa atalipwa. L ni Maelezo, na hiyo iwe ya mwisho, maana maneno marefu yakikaa katikati huzisukuma safu nyingine nje ya kioo cha simu.

Safu J twaiita Zamu, nayo haiandikwi na mtu. Huhesabiwa na daftari lenyewe kwa kutazama tarehe ipi bado haijajazwa. Katika kisanduku J2 andika hivi, kisha nakili chini mpaka mstari wa 200:

```
=IF(A2="","",IF(E2="","Lukozi",IF(F2="","Mombo",IF(H2="","Ilala",IF(I2="","Lukozi","Kwisha")))))
```

Maana yake: kama mzigo una namba lakini haujapakiwa, zamu ni ya Lukozi, kama umepakiwa na haujashuka, zamu ni ya Mombo, kama umeshuka na fedha hazijatumwa, zamu ni ya Ilala, kama fedha zimetumwa na mkulima hajalipwa, zamu imerudi Lukozi. Daima ni mtu mmoja. Hakuna mstari wenye wawili, na hiyo ndiyo faida yenyewe, kwani kazi iliyo ya watu wawili kila mmoja hudhani mwenziwe ameifanya.

Kisha yapasa mstari uliopita ahadi yake uwe mwekundu. Chagua visanduku kuanzia A2 mpaka L200, nenda `Format`, kisha `Conditional formatting`, chagua `Custom formula is`, na uandike:

```
=AND($A2<>"",$I2="",$K2<>"",$K2<TODAY())
```

Hapa ndipo penye mtego, nasi twaomba msomaji asome polepole. Tuseme mzigo 14 ni karoti, magunia 30, uliopakiwa tarehe 4 Machi 2025, na mkulima akaahidiwa kulipwa tarehe 10 Machi. Lukozi akaandika 10/03/2025. Lakini daftari likiwa limewekwa kwa desturi ya Marekani, wao hutanguliza mwezi, kwa hiyo litasoma tarehe 3 Oktoba. Halitalalamika. Tarehe 11 Machi mstari ulipasa kuwa mwekundu, nao hautakuwa. Utakaa mweupe mpaka Oktoba, na watatu wote wataamini kwamba hakuna deni. Mzigo wa pili wenye ahadi ya 14/03/2025 una hatari kubwa zaidi: hapana mwezi wa 14, basi daftari litayachukua kuwa ni maneno tu, wala si tarehe, na mstari huo hautakuwa mwekundu milele.

Dalili yake ni hii. Tarehe ya kweli hujipanga upande wa kulia wa kisanduku, na maneno hujipanga kushoto. Ukiona safu moja baadhi zimekaa kulia na baadhi kushoto, jua kuna tarehe ambazo daftari halikuzielewa, na zile za kulia nazo uzitilie shaka. Dawa ni kwenda `File`, kisha `Settings`, na penye `Locale` kuchagua `United Kingdom`, ambao hutanguliza siku kama sisi. Papo hapo, penye `Time zone`, chagua ya GMT+03:00, ama sivyo daftari litabadili siku kwa saa ya nchi nyingine. Haya yafanywe kabla ya kuandika tarehe hata moja, kwa sababu tarehe iliyokwisha kusomwa vibaya hairudi sawa kwa kubadili mpango huu. Itabidi iandikwe upya. Kisha, safu zote za tarehe zipewe sura ya kuonyesha mwezi kwa jina, 10-Mar-2025, ili jicho la mtu liweze kusahihisha palipokosewa. Na katika `Data`, `Data validation`, zikubali tarehe halali tu na kukataa kinginecho.

Kuna na mtego mwingine ambao ni wetu Waswahili, wala Mzungu hakuutia. Magari ya mboga husafiri usiku. Mtu wa Mombo akisema mzigo ulishuka "usiku wa Jumatano," kwa hesabu ya wazee wetu hiyo ni Jumanne baada ya jua kuchwa; kwa kijana wa Ilala huenda ikawa ni Jumatano yenyewe. Tarehe 4 Machi 2025 ilikuwa Jumanne. Je, aandike 4 au 5? Wapatane mapema: tarehe ifuate simu, yaani hubadilika saa sita ya usiku, si magharibi. Na saa zisiandikwe kabisa ila pana haja. Ikiwa pana haja, saa tatu ya usiku iandikwe 21:00, maana ukiandika 3 daftari halijui kama ni usiku, asubuhi, au ni hesabu ya magunia.

Sasa tuurudie mzigo 14. Ulipakiwa magunia 30, Mombo akahesabu 30, Ilala akapokea 22. Yuko wapi wa kubadili 30 kuwa 22? Asiwepo. Akibadili, kesho hapana ajuaye kwamba magunia 8 yalipotea kati ya Mombo na Ilala, na lawama itamwangukia mkulima au mnunuzi. Ilala afungue mstari mpya, namba 14B, magunia 8, azijaze E na F kwa tarehe za mzigo 14 kwa idhini ya wenziwe, akope na Ahadi ile ile, kisha aiache G tupu. Zamu itasoma "Ilala" na itabaki hivyo mpaka dereva ajibu. Mzigo 14 wenyewe usahihishwe katika Maelezo tu: "22 zimefika, tazama 14B."

Kipimo nacho kiwe cha kuchagua, si cha kuandika: `Insert`, kisha `Dropdown`, halafu Gunia, Tenga, Kiroba. Lumbesa tumeiacha makusudi. Mbali ya kuwa sheria ya vipimo inaikataza, gunia la lumbesa halina ujazo unaojulikana, na "30" ya lumbesa haiwezi kulinganishwa na "30" ya gunia lililoshonwa sawasawa.

Katika kushirikisha, tia anwani za wote watatu kwa `Share` na uwape daraja la `Editor`. Usichague kila mwenye kiungo aweze kuandika. Mwenye gari akitaka kutazama, apewe `Viewer`. Safu J na mstari wa vichwa zifungwe kwa `Protect sheets and ranges`, kwa sababu kidole kimoja juu ya kioo cha simu chatosha kuifuta hesabu. Likifutika jambo, usihangaike: `File`, `Version history`, ndimo zilimo sura za zamani pamoja na jina la aliyebadili.

Na wa Lukozi asiitupe karatasi yake. Siku ya kulipa, mkulima atie sahihi au dole gumba katika kitabu, ndipo tarehe iandikwe safu ya I.