Anayejitolea mtaani naye ana shamba na watoto

Mvua za Novemba zikianza Mpanda, nyumba nyingi hugawanyika. Bibi na watoto wa shule hubaki mjini, baba na mama huenda shambani, wengine hadi kwenye mpunga wa Kakese na Mwamkulu, na baadhi yao hulala hukohuko siku kadhaa. Katika kata kama Majengo, miongoni mwa wanaofunga mizigo alfajiri yumo pia mama anayejitolea kuzitembelea kaya za mtaa wake kwa ajili ya afya ya wajawazito na watoto.

Shida ni kwamba msimu wa jembe ndio pia msimu wa mbu. Malaria huongezeka wakati uleule mtembeleaji anapokosekana, na mtoto anayeanza kuchemka nyumbani ameachwa na bibi asiyejua ampigie nani simu. Mama wa kujitolea naye akirudi anakuta lawama: viongozi wanasema ametoroka kazi, mumewe anasema kazi isiyo na mshahara inamla mke. Hapo ndipo wengi huacha.

Tanzania inalijua jambo hili kwa muda mrefu. Wahudumu wa afya wa vijiji wa miaka ya 1980 walitegemewa kutunzwa na vijiji vyao, vijiji vingi vikashindwa, na wahudumu wengi wakarudi kwenye shughuli zao. Januari 31, 2024, Serikali ilizindua Dodoma mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kuwafikia 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila mtaa au kitongoji, wakiwa wamefunzwa na wakilipwa posho. Mpango huo unakwenda kwa awamu. Kwa hiyo bado ipo mitaa na miradi inayotegemea watu wa kujitolea, na namna ya kukaa nao ni jambo la kujifunza.

La kwanza ni kuhesabu saa kabla ya kumwomba mtu. Tuchukue mfano wa mtaa wenye kaya 240 na wanaojitolea wawili, kila mmoja kaya 120. Akitakiwa kufika kila kaya mara moja kwa miezi mitatu, ni kaya 40 kwa mwezi. Mazungumzo ya dakika 20 na mwendo wa dakika 10 ni nusu saa kwa kaya, yaani saa 20.

Mtaa wa ukubwa huo unaweza kupata watoto wachanga wanne hivi kwa mwezi, wawili kwa kila mmoja. Mtoto mchanga anapaswa kuonwa ndani ya saa 24 za kwanza, kisha siku ya tatu na ya saba. Ni safari sita, na zikichukua dakika 45 kila moja, ni saa nne na nusu. Ongeza saa tatu za daftari na ripoti, na saa tatu za kikao cha zahanati pamoja na njia. Jumla ni saa 30 na nusu kwa mwezi, kama saa saba kila wiki.

Kazi hiyo ndiyo huitwa "kupitapita kidogo" siku ya kumwomba mtu. Hesabu ikiwekwa wazi, mama atakwenda nayo nyumbani na kukubaliana na mwenzake: Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi yuko kwa majirani, na siku hizo nani anapika. Mume aliyeshirikishwa tangu mwanzo hana sababu ya kushangaa chakula kikichelewa.

Hesabu hiyo pia inaonyesha cha kupunguza. Kuanzia Novemba hadi Januari, ziara za kawaida zisubiri, wabaki wajawazito, watoto wachanga, na watoto ambao utepe wa kupimia mkono umeonyesha njano au nyekundu. Wale wawili wapangiane wiki za shamba, mmoja aende mwingine abaki, na namba ya aliyebaki ibandikwe mlangoni mwa ofisi ya mtaa. Bibi aliyebaki na wajukuu naye apewe namba hiyo.

La pili ni mipaka ya kazi. Mama akionekana ni hodari, kila mtu humtuma. Mwenyekiti anataka awaite watu mkutanoni, mtendaji anataka aandikishe kaya, mwingine anampa kitabu cha michango. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, kwa sababu anayekusanya pesa hufungiwa mlango, na siku ya mtoto mgonjwa mlango huohuo hautafunguka upesi.

Karatasi moja inatosha. Iandikwe anachofanya: kutembelea, kupima mkono wa mtoto, kuzijua dalili za hatari na kumpeleka mgonjwa zahanati bila kuchelewa. Mtoto mchanga asiyenyonya, mwenye homa, degedege, mwili wa baridi au anayepumua kwa shida hasubiri kesho. Iandikwe pia asichofanya: hagawi dawa ambazo hakufunzwa kuzigawa, hakusanyi pesa, hatumwi na mtu zaidi ya mmoja. Karatasi isomwe mbele ya wakazi ili nao wajue mipaka hiyo.

La tatu ni shukrani. Fulana na kofia hupokewa vizuri, lakini haziondoi uchungu wa kutumia nauli yako kumpeleka mtoto wa jirani. Nauli irudishwe siku hiyohiyo, au isemwe mapema kuwa haipo. Ahadi isiyotimia huvunja moyo kuliko kukosa kabisa. Semina yenye posho ikitokea, wapokezane. Akienda yuleyule kila mara, mwenzake ataacha bila kusema neno.

Kuna shukrani isiyo na gharama ambayo husahaulika: kuambiwa matokeo. Aliyempeleka mtoto zahanati anataka kujua alikutwa na nini na kama amepona. Muuguzi akimrudishia kipande cha karatasi ya rufaa chenye jibu, mama anaona safari yake ilikuwa na maana.

Hata hivyo wataondoka. Wataolewa, watahama, watapata kazi. Dalili huanza kwenye daftari: ripoti inachelewa, kaya zinazotembelewa ni zile za karibu tu, na ziara za mwezi mzima zimeandikwa siku moja kwa kalamu moja. Ukiona hivyo usianze na karipio. Muulize ni saa zipi zimemshinda. Huenda kupunguziwa kaya 30 kutambakiza.

Anayeondoka aagwe vizuri. Daftari likae ofisini, lisihifadhiwe kabatini kwake. Kwa wiki mbili atembee na mrithi wake, aanze na wajawazito na wenye watoto wachanga, akisema kwa kinywa chake, "Huyu sasa ndiye wa kumwita." Mama mjamzito aliyemweleza mtu siri zake hatazihamishia kwa mgeni kwa sababu tu ofisi imebadilisha jina. Kisha apewe barua ya kueleza alichofanya na kwa muda gani, imsaidie anapoomba kazi.

Aliyeagwa hivyo hubaki jirani mwema. Mvua za mwaka unaofuata, mrithi akiwa shambani na mtoto akachemka usiku, bibi aliyebaki na wajukuu anaweza kumgongea naye akaamka.