Je, Wajua? Kanisa Linapoimba Kumtuma Mtu

Je, wajua kwamba neno moja linaweza kumgeuza mjumbe akawa mtumwa, tena mbele ya kanisa zima? Gatumba, kati ya Bujumbura na mpaka wa Kongo, ibada huruka kutoka Kirundi kwenda Kiswahili na kurudi bila mtu kushtuka. Kwa Kirundi, aliyetumwa ni *intumwa*, nalo ni jina la heshima: mitume wa Yesu wenyewe ndio hao intumwa. Kiswahili kina mzizi huohuo, kikazaa mtume, mtumishi na mtumwa. Huyo wa mwisho ndiye aliyeangukiwa na balaa.

Nilikuwepo Jumapili ambayo mzee mmoja alisimama kumuaga binti wa kujitolea. Binti alikuwa anakwenda kufundisha watoto katika kambi ya wakimbizi ya Kavumu, huko Cankuzo, upande wa pili kabisa wa nchi. "Binti yangu," akasema mzee kwa Kiswahili chake cha ukubwani, "leo wewe ni mtumwa wetu." Warundi wakaitika amina. Mama mmoja mgeni kutoka Kigoma, aliyeketi mbele yangu, akageuka na macho makubwa. Mwimbishaji alikuwa mwerevu: alipoanzisha pambio aliimba "mjumbe," na mambo yakaisha hapo.

Je, wajua kwamba kuna waliotumwa wakijua huenda wakawa watumwa kweli? Agosti 18, 1732, Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, waliwaaga Leonard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Walikuwa wanakwenda kisiwa cha St. Thomas, katika Karibi, kuishi na Waafrika waliokuwa watumwa mashambani. Walikuwa wameambiwa kwamba hawatawafikia watu hao mpaka wao wenyewe wawe watumwa. Katika kikao hicho cha kuaga ziliimbwa nyimbo zipatazo 100. Kwa hiyo siku kwaya nne za Gatumba zikirefusha ibada kwa saa moja, mimi silalamiki. Wamoravian haohao ndio waliofika Rungwe, katika Tanzania ya leo, mwaka 1891.

Je, wajua kwamba katika Matendo ya Mitume sura ya 13, Barnaba na Sauli wanapotumwa kutoka Antiokia, kunatajwa kufunga, kuomba na kuwekewa mikono, lakini wimbo hautajwi kabisa? Wimbo tumeuongeza wenyewe, na una kazi yake. Katika makanisa mengi ya kilokole, mikono ikishawekwa kila mtu huomba kwa sauti yake, wote kwa pamoja. Nani atasimamisha bahari hiyo? Mchungaji akipaza sauti kwenye kipaza, maombi nayo hupanda. Mwimbishaji huanza pambio polepole, karibu kwa kunong'ona. Walio karibu naye hulidaka, na baada ya mistari miwili mitatu kelele zimekuwa wimbo. Hakuna aliyenyamazishwa.

Je, wajua kwa nini ni pambio, wala si tenzi ya beti nne? Piga hesabu. Baada ya maombi watu hupanga foleni kumshika mkono anayeondoka na kumwachia noti iliyokunjwa kiganjani. Chukua watu 150, kila mmoja sekunde 5: hizo ni sekunde 750, yaani dakika kumi na mbili na nusu. Tenzi ya beti nne huisha kama kwa dakika tatu, halafu foleni inabaki inasogea kwenye ukimya, viatu vikisikika. Pambio la sekunde 25 litarudiwa mara 30, na halimchoshi mtu maana halihitaji kitabu. Mikono yote miwili iko huru: mmoja wa kusalimia, mmoja wa noti.

Je, wajua kwamba pambio la namna hii huwa na nafasi tupu ndani yake? Mwimbishaji huita, kanisa huitikia, na katikati ya mstari pameachwa pengo la silabi tatu la kutia mahali mtu anapokwenda, au jina lake. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo noti nzito ya pengo huwa ya katikati. Sasa tazama: Ka-VU-mu. Can-KU-zo. Ru-YI-gi. U-VI-ra. Mi-NE-mbwe. Hata Ga-TU-mba yenyewe. Yote yanaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Bujumbura ina silabi nne, nayo hudai noti moja ya haraka mwanzoni. Jina la binti wetu lilikuwa na silabi mbili tu, ikabidi ya mwisho ivutwe, na watoto wa mstari wa mbele wakaivuta zaidi ya ilivyohitajika.

Pengo likikosewa utasikia mara moja. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa kutoka Ulaya huanza na noti nyepesi, kwa hiyo neno kama "Mungu" huimbwa mu-NGU, mkazo ukiwa umehamishwa makao. Tumezizoea tangu utoto, basi hatusikii tena.

Je, wajua dalili ya wimbo ulioanzishwa juu mno? Usitazame kwaya, watazame akina mama wazee. Sauti ikiwashinda hawaachi wimbo. Wanaacha maneno na kubaki na makofi. Wanaume nao hushuka chini kwa sauti za kunguruma. Mwimbishaji mzoefu hupima kabla: hutafuta noti ya juu kabisa ya pambio, huiimba pembeni, na akiona yeye mwenyewe anainua shingo, hushusha. Wimbo wa watu wote haupaswi kuzidi sana oktavu moja, kutoka do ya chini hadi re iliyo juu ya do ya pili. Zaidi ya hapo ni wimbo wa kwaya, hata kama kanisa limeambiwa lisimame.

Je, wajua kwamba Burundi ina kumbukumbu ngumu ya waliotumwa? Mwaka 1879 Mapadri Weupe walifungua misheni Rumonge, kusini kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Katika ibada zao za kuaga kule Algiers, waumini waliwabusu wasafiri miguu huku zikiimbwa kwa Kilatini sifa za miguu ya mleta habari njema, maneno ya nabii Isaya. Mei 4, 1881, mapadri Deniaud na Augier waliuawa Rumonge pamoja na mlei wa kujitolea, Félix D'Hoop, aliyewahi kuwa askari wa Papa.

Je, wajua wimbo wa kutuma unaishia wapi? Si mlangoni. Mgeni husindikizwa, na anayetumwa vilevile. Binti alitoka na begi lake, kanisa nyuma yake likiendelea na lilelile pambio, tukapita kwenye tope lililokauka la mafuriko ya Rusizi mpaka kwenye lami. Haisi ikasimama, begi likafungwa juu, gari likashika njia ya Bujumbura. Kando ya barabara muuza ndagala, ambaye si wa kanisa letu, alikuwa ameshaanza kupiga makofi. "Nani anakwenda?" akauliza. Watoto wakamjibu kwa kuimba, jina limetiwa pengoni, silabi ya mwisho ikivutwa hadi pumzi ikaisha.