Asaiklovia kwa Mtoto: Dozi na Maji ya Kunywa

Asaiklovia huzuia virusi vya tetekuwanga na vya hepesi visizaliane, lakini haviondoi mwilini. Ndiyo maana katika tetekuwanga dawa hii inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 24 tangu vipele vya kwanza vitokee. Mtoto mdogo mwenye afya njema kwa kawaida hupona bila dawa hii, na akipewa hupata nafuu kidogo tu. Daktari huifikiria zaidi kwa aliyevuka miaka 12 au mwenye ugonjwa sugu wa ngozi au mapafu. Mwenye kinga dhaifu sana hutibiwa hospitalini kwa kuchomwa dawa kwenye mshipa.

Dozi hupimwa kwa uzito. Kwa tetekuwanga, mtoto wa miaka 2 au zaidi hupewa miligramu 20 kwa kila kilo, mara 4 kwa siku, kwa siku 5, na dozi moja isizidi miligramu 800. Mtoto wa kilo 15 atahitaji miligramu 300 kila mara. Ikiwa chupa ina miligramu 200 katika kila mililita 5, hizo ni mililita 7.5, nazo hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha jikoni hakifai. Maandishi ya chupa yasomwe kwanza, kwa kuwa zipo zenye nguvu maradufu, na ujazo uleule ungekuwa dozi mbili.

Dawa hii hutoka mwilini kupitia figo. Mtoto akiishiwa maji, mkojo huwa mzito na dawa inaweza kuganda kama chembe ndani ya vijifereji vya figo na kuviziba. Hatari ni kubwa zaidi kwa dawa ya mshipani, ndiyo maana huko huingizwa taratibu kwa saa nzima, haisukumwi kwa mkupuo. Nyumbani, mtoto wa kilo 15 huhitaji takriban lita moja na robo ya vinywaji kwa siku, na zaidi akiwa na homa. Ibuprofeni iepukwe katika tetekuwanga, na aspirini asipewe kabisa, parasetamo inatosha.

Hepesi ya mdomoni ina ugumu wake: vidonda huuma hadi mtoto akatae kunywa, wakati ndipo anapohitaji maji. Apewe parasetamo kwanza, kisha maziwa au maji baridi, kidogo kidogo. Asipokojoa kwa saa 8, akitapika kila anachokunywa, akilegea au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali upesi. Mwenye ugonjwa wa figo hupunguziwa dozi na daktari.

Mtoto mchanga mwenye malengelenge asianzishiwe dawa ya kunywa nyumbani. Hepesi ya umri huo hutibiwa wodini kwa miligramu 20 kwa kilo kila saa 8 mshipani, kwa siku 14, au 21 ikiwa ubongo umeguswa, huku maji na figo zake zikifuatiliwa.