Katoni 5 Zilizogeuka 80

Mtoto mchanga hajui mwisho wa mwezi wala sikukuu. Akilowa hubadilishwa nepi, leo kama jana, wiki hii kama iliyopita. Kama kuna bidhaa ambayo mauzo yake hayapaswi kumsumbua mtu kuyakadiria, ni nepi.

Ndiyo maana watu wa kampuni ya Kimarekani ya Procter & Gamble walishangaa walipochunguza mwenendo wa nepi zao za Pampers. Madukani mauzo yalipanda na kushuka kidogo tu. Oda walizoletewa na wasambazaji zilipanda na kushuka kwa kiasi kikubwa zaidi. Walipotazama oda ambazo wao wenyewe walipeleka kwa wanaowauzia malighafi, zile ziliyumba kuliko zote. Wakalifananisha jambo hilo na mjeledi wa mchunga ng'ombe: mkono unatikisa mpini kidogo, ncha inaruka mbali na kulia kama bunduki. Mwaka 1997 Hau Lee na wenzake wawili waliandika makala iliyolieneza jina hilo duniani, ingawa Jay Forrester wa chuo cha MIT alikuwa amekwisha kulieleza jambo lenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1961.

Wengi wakisikia habari hii hutafuta mkosaji: lazima kuna aliyekadiria vibaya, au mwenye tamaa. Lakini mjeledi huu hauhitaji mkosaji. Tuupige hesabu kwa sabuni.

Chukua mnyororo wa watu wanne. Kuna Mangi wa dukani, muuzaji wa jumla anayemletea mzigo, msambazaji anayemuuzia huyo wa jumla, na kiwanda. Kila mmoja ana desturi moja ya busara: wiki ikiisha, stoo ibaki na akiba inayolingana na kilichotoka wiki hiyo. Siku zote zimetoka katoni 100 kwa wiki, kwa hiyo kila stoo ina katoni 100 na kila oda ni ya katoni 100. Tuseme pia kwamba mzigo ukiagizwa unafika wiki ileile.

Wiki ya kwanza, wateja wananunua katoni 105. Pengine familia mbili tatu zimehamia mtaani. Jumamosi jioni Mangi anafungua daftari lake na kuona stoo imebaki na pungufu. Lazima arudishe zile 105 zilizotoka, na kwa kuwa biashara imepanda, akiba nayo ipande kutoka 100 hadi 105. Anaagiza 110.

Wa jumla haoni wateja wa Mangi. Anachokiona ni oda ya 110, na kwake hayo ndiyo mahitaji. Anarudisha 110 zilizotoka, anaongeza 10 ili akiba yake nayo ifike 110, na kuagiza 120. Msambazaji anaona 120, anaongeza 20, anaagiza 140. Kiwanda kinatoa 140, kinaongeza 40 za akiba, na kupanga kutengeneza katoni 180. Nyongeza ya katoni 5 dukani imefika kiwandani ikiwa 80.

Wiki ya pili, wateja wananunua 105 vilevile. Mangi anaagiza 105 tu, kwa sababu akiba yake tayari imetosha. Wa jumla, aliyeuza 110 wiki iliyopita, anaona biashara imeshuka. Akiba yake ya 110 imezidi kwa katoni 5, naye anaagiza 100. Msambazaji ameshuka kutoka 120 hadi 100, akiba imezidi kwa 20, anaagiza 80. Kiwanda kilichotoa 140 sasa kinaombwa 80. Akiba imezidi kwa 60, hivyo kinahitaji kutengeneza katoni 20 tu.

Wiki ya tatu kiwanda kinapanda tena hadi 140, ya nne kinarudi 100, ya tano kinatulia kwenye 105. Muda wote huo wateja wamekuwa wakinunua zilezile 105.

Hapo kwenye 180 na 20 ndipo panaponiuma. Wiki ya kwanza vibarua wameitwa zamu ya usiku, malighafi imenunuliwa haraka kwa bei yoyote. Wiki ya pili vibarua walewale wanafika getini na kuambiwa hakuna kazi. Kwa aliye kiwandani hali hiyo inafanana kabisa na soko lililochafuka, na soko halijachafuka.

Kiini chake ni kwamba oda imebeba vitu viwili ndani yake: kilichouzwa kweli, na kilichoongezwa ili kujaza stoo. Anayeipokea hawezi kuvitenganisha, kwa hiyo anavisoma vyote kama mauzo, kisha anaongeza chake juu. Nyongeza inazidishwa mara mbili kila hatua: 5, 10, 20, 40, 80.

Mzigo ukichelewa njiani hali inazidi, maana anayesubiri muda mrefu huweka akiba kubwa. Badili desturi ile iwe akiba ya wiki mbili badala ya moja, na nyongeza inazidishwa mara tatu kila hatua. Zile 5 zinafika kiwandani zikiwa 405, yaani kiwanda kinaambiwa kitengeneze katoni 505 wiki moja. Hata ofa za bei huchochea, kwa kuwa wa jumla hununua mzigo wa mwezi mzima siku moja, kisha hukaa kimya.

Ubaya zaidi huja bidhaa inapoadimika. Anayejua kwamba atapewa nusu ya anachoomba huomba mara mbili, au huagiza kwa watu wawili akijua atachukua kwa atakayewahi. Kampuni ya vifaa vya mtandao ya Cisco ilikutana na oda za namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwaka 2000. Oda zilipoyeyuka mwaka 2001, ililazimika kufuta kwenye vitabu vyake mali ya ghalani yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2.

Sasa rudi kwenye sabuni, na tubadilishe jambo moja tu: wote wanne waone daftari la Mangi. Kila mmoja anajua wateja wamenunua 105, kwa hiyo kila mmoja anaongeza akiba yake kwa katoni 5, basi. Mangi anaagiza 110, wa jumla 115, msambazaji 120, na kiwanda kinatengeneza 125. Wiki inayofuata wote wanarudi 105. Mjeledi haujafa, kwa sababu stoo nne kweli zinahitaji kujazwa, lakini nyongeza sasa zinajumlishwa badala ya kuzidishwa. Asiyeweza kuliona daftari la mwenzake bado ana njia ya kujipunguzia: akipungukiwa akiba, asiijaze yote wiki moja, aigawanye kwa wiki nne au tano, ili aone kwanza kama mabadiliko ni ya kudumu.

Kujua kama nawe ni sehemu ya mjeledi si kazi kubwa. Andika mauzo yako ya wiki 20 safu moja, na oda ulizotuma kwa wiki hizohizo safu ya pili. Kama oda zako zinapanda na kushuka kuliko mauzo yako, nyongeza inaanzia kwako.

Kugumu ni kulifungua daftari. Wa jumla anaogopa kwamba msambazaji akiona mauzo yake yote, atajua anavyotegemea bidhaa hiyo na kumbana kwenye bei, au atamruka na kwenda moja kwa moja kwa Mangi. Hofu hiyo si ya bure, na mpaka wakubaliane juu yake, katoni 5 zitaendelea kufika kiwandani zikiwa 80.