Ujumbe Upi Utangulie? Jinsi programu za akili mnemba zinavyochagua cha kukumbuka

Modeli ya lugha, ile mashine inayojibu ndani ya programu za mazungumzo kama ChatGPT, yenyewe haikumbuki mliyozungumza jana. Kila unapouliza swali, programu huipelekea maandishi upya: maelekezo ya jumla, swali lako, na baadhi ya mambo uliyowahi kusema. Ikijibu kana kwamba inakufahamu, ni kwa sababu kuna aliyeyafukua maneno yako ya zamani na kuyabandika juu ya swali la leo.

Tatizo ni kwamba hayawezi kubandikwa yote. Nafasi ina mpaka, gharama hupanda kwa kila neno linaloongezwa, na modeli iliyorundikiwa mambo yasiyohusika huanza kujibu ovyo. Kwa hiyo kazi hufanywa kwa awamu mbili. Kwanza hukusanywa ujumbe wa zamani unaoelekea kuhusika, labda hamsini hivi. Kisha hupangwa upya kwa alama, na wachache wa juu ndio wanaoingia.

Njia ya kupanga iliyonukuliwa sana ilitoka mwaka 2023, pale Joon Sung Park wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walipounda kijiji cha kompyuta walichokiita Smallville. Kilikuwa na wakazi 25 wa kubuni, kila mmoja akiendeshwa na modeli ya lugha. Wakazi hao waliamka, walipika, walisengenyana, na mmoja wao aliandaa sherehe ya Siku ya Wapendanao kwenye mkahawa wake. Kila walichokiona kiliandikwa. Ili mkazi aamue la kufanya, kila kumbukumbu ilipewa alama tatu.

Ya kwanza ni upya. Kumbukumbu ilianza na alama 1, na kila saa ya kijijini iliyopita tangu itumike mara ya mwisho, alama hiyo ilizidishwa kwa 0.995. Ya pili ni umuhimu: modeli yenyewe iliulizwa jambo lina uzito gani, kuanzia 1 hadi 10. Kupiga mswaki kulitolewa mfano wa 1, kuachana na mpenzi mfano wa 10. Ya tatu ni ufanano. Maneno hugeuzwa kuwa orodha ndefu ya namba inayobeba maana yake, kisha orodha mbili hulinganishwa. Ndiyo maana "gari limezima" na "injini haiwaki" hukaribiana ingawa hayana neno hata moja la pamoja. Alama zote tatu huwekwa kwenye kipimo kimoja, wa chini kabisa akipata 0 na wa juu kabisa 1, halafu hujumlishwa.

Tuifanyie kazi njia hii kwa mfano wa kubuni. Mama mmoja hutumia programu ya mapishi. Leo anauliza: "Niwapikie nini wageni wa Ijumaa?" Utafutaji wa kwanza umeleta ujumbe wake minne, na nafasi ipo ya miwili tu.

| Ujumbe | Umri | Upya | Ufanano | Umuhimu | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| Nina kilo mbili za mchele | siku 1 | 0.89 | 0.67 | 0.25 | 1.81 |
| Wageni walipenda sana pilau | siku 10 | 0.30 | 1.00 | 0.375 | 1.675 |
| Mwanangu akila karanga anavimba | siku 60 | 0.00 | 0.58 | 1.00 | 1.58 |
| Asante sana | saa 1 | 1.00 | 0.00 | 0.00 | 1.00 |

Tazama kwanza kilichokwenda sawa. Kama tungefuata upya peke yake, "asante sana" ingeongoza, nayo haina msaada wowote jikoni. Ufanano na umuhimu vimeisukuma hadi mkiani. Sasa tazama kilichoharibika: mchele na pilau vimeingia, karanga zimebaki nje. Modeli haitajua habari za mtoto, na inaweza kupendekeza kuku wa kupaka na mchuzi wa karanga bila wasiwasi wowote. Hesabu haina kosa hata moja, lakini jibu ni la hatari.

Dawa ya kwanza ni kutozipa alama tatu nguvu sawa. Umuhimu ukihesabiwa mara mbili, ujumbe wa karanga unafika 2.58, mchele 2.06 na pilau 2.05. Mtoto yuko salama, na pilau imeachwa kwa tofauti ndogo mno. Lakini ukizidisha umuhimu kupita kiasi, utaona kasoro nyingine: mambo mazito ya maisha, kama msiba au ugonjwa, yanajipenyeza hata pale mtu anapouliza namna ya kuchemsha yai.

Upya nao una mtego wake, na wengi hunaswa kwa sababu huichukua ile 0.995 kama ilivyo. Kwa kiwango hicho, alama hupungua hadi nusu katika siku zisizofika sita. Majaribio ya Smallville yalichukua siku mbili za kijijini, kwa hiyo kiwango kilifaa. Kwa mtu halisi anayetumia programu miaka miwili, ujumbe wa mwezi mmoja uliopita unabaki na 0.03 tu, na wa miezi miwili hauna kitu.

Madhara yake yanaonekana pale maneno ya zamani yanapopingana. Tuseme mtu aliandika siku 200 zilizopita kwamba anaishi Tanga, na siku 60 zilizopita kwamba amehamia Morogoro. Ujumbe wote miwili unafanana na swali la duka la karibu, na una umuhimu ule ule. Upya ndio ungepaswa kuamua, lakini kwa 0.995 wote wawili wako karibu na sifuri, na tofauti yao haifiki hata 0.001. Tanga inaweza kushinda kwa sababu tu imeandikwa kwa maneno yanayokaribiana zaidi na swali. Hapo inabidi kushusha kasi ya kuzeeka, na kubandika tarehe kando ya kila ujumbe ili modeli yenyewe ione upi ulitangulia.

Hakuna namba moja inayofaa kila programu. Anayeijenga hana budi kuandaa maswali ambayo majibu yake yanategemea ujumbe fulani wa zamani, kisha aangalie kama ujumbe huo umeingia. Usipoingia, akague alama zake tatu moja moja ataona ipi iliuangusha. Na kama haumo hata katika ile hamsini ya awali, kosa liko kwenye utafutaji, na kupanga upya hakuwezi kulirekebisha, kwani huwezi kupandisha daraja kitu ambacho hakikuletwa.

Mambo ya aina ya karanga hayafai kushindanishwa kabisa. Mzio, dawa anazotumia mtu, lugha anayotaka kujibiwa: haya yahifadhiwe pembeni na yapelekwe kwa modeli kila mara, kabla ya shindano la alama kuanza. Nawe msomaji unayetumia programu hizi, usitegemee kwamba mtengenezaji amefanya hivyo. Jambo linalogusa afya au fedha liandike tena ndani ya swali lenyewe, hata kama uliwahi kulisema.